Saa Sitini na Nne za Msiba

Mama Kalista alifika Mbeya saa tatu kasoro asubuhi. Alikuwa ameendesha gari mwenyewe kutoka Iringa, na alipofika hakutaka hata chai. Nikajua siku imeharibika. Yeye ndiye mbia mwenye kauli katika kampuni yetu ndogo ya ushauri, na mtu akikataa chai kwa baridi ile ya Mbeya, ujue amekuja na jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa mezani: barua ya kutomwongezea mkataba Lugano, mshauri wetu mmoja. Ilikuwa imeshachapwa, ilikosa sahihi tu. Lugano mwenyewe alikuwa chumba cha pili akipanga madodoso, hajui kitu.

Barua hiyo ilizaliwa na ripoti yangu. Kila robo mwaka nakusanya taimshiti za washauri wote, yaani karatasi ambazo kila mtu anaandika siku, namba ya mradi, saa alizofanya na maelezo mafupi. Nazipanga mafungu mawili: saa anazolipa mteja, na saa zisizolipwa na mtu, kama vikao vya ofisi na kuandika maombi ya kazi mpya. Halafu nachukua zile za mteja, nazigawa kwa saa zote ambazo mtu alikuwepo kazini ukishatoa likizo na sikukuu. Jibu ni asilimia. Mama Kalista alishasema, na alisema mbele yetu sote, kwamba mshauri asiyefika sitini na tano hana mkataba.

Lugano alikuwepo kazini saa mia nne na themanini. Za mteja zilikuwa mia mbili sitini na nne. Asilimia hamsini na tano.

"Yudith, hii namba ni ya uhakika?" Mama Kalista aliniuliza, kalamu ikiwa mkononi.

"Nimeijumlisha mara mbili, mama."

"Sikukuuliza kujumlisha."

Aliniudhi. Miaka sita nafanya kazi hii na sijawahi kukosea jumla. Nikamwambia nitaleta karatasi zenyewe aone, nikaenda kabatini nikiwa nimevimba kama andazi. Nilitaka kumwonyesha, basi.

Nikatoa faili la mradi namba kumi na nne, ule utafiti wa maji huko Usangu, kati ya wakulima wa mpunga na wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Timu ilikuwa ya watu wawili, Gideon kiongozi na Lugano msaidizi wake, gari moja, nyumba moja ya kulala wageni pale Chimala. Nikaziweka karatasi zao sambamba, nikashusha kidole tarehe kwa tarehe.

Tarehe kumi na moja Februari, Gideon: mradi kumi na nne, saa nane, mikutano na jamii. Tarehe hiyo hiyo, Lugano: saa nane, msiba. Kumi na mbili, Gideon mikutano na jamii, Lugano msiba. Siku tano mfululizo. Kisha Machi, siku tatu tena, hivyo hivyo. Siku nane, saa sitini na nne.

Lugano huwa anaandika kwa mkono kwenye daftari kwa sababu mtandao kule unasumbua, na mimi ndiye ninayeingiza kwenye kompyuta. Nilipokutana na neno msiba sikusoma zaidi. Sisi huku mtu akikwambia ana msiba humhoji umemkuta nani na ulikaa siku ngapi. Hakuwa amejaza fomu ya likizo ya msiba, nami niliona aibu kumdai fomu mtu aliyefiwa, kwa hiyo saa zote nikazitupa kwenye fungu la ofisi. Nikaona nimemfanyia utu. Hata pole nilimpa pale mlangoni, naye akaitika asante, dada, akapita.

Sasa nikasoma mstari wote. "Msiba kwa mfugaji, kijiji cha pili. Mkutano umeahirishwa. Tumechimba kaburi na vijana. Nimeandika kaya 31." Siku iliyofuata: "Msiba. Nimechota maji. Kaya 12, zote za wafugaji."

Nilitamani sakafu inimeze. Ningeweza kulirudisha faili, nikamwambia mama namba ni ile ile, akatia sahihi. Nasema ukweli, wazo hilo lilikuja na likakaa kidogo. Ripoti ilikuwa na jina langu chini.

Nikarudi mezani. "Mama, nimekosea. Saa sitini na nne za Lugano ni za mradi. Nimeziweka ofisini mimi, si yeye."

Akazisoma karatasi taratibu. Kisha akamwita Gideon kwa sauti ya kawaida, ambayo ndiyo inayotisha.

"Gideon, tarehe kumi na moja Februari ulikuwa wapi?"

"Msibani, mama."

"Umeandika mikutano na jamii."

Gideon akajikuna shingo. "Jamii yote ilikuwa pale. Wale wafugaji walikuwa wametukatalia wiki nzima. Ukipita kijiji chenye msiba ukaendelea na maswali yako, basi umekwisha, hakuna atakayekufungulia. Lugano ndiye aliyeshika jembe kwanza. Baada ya kuzika, wenyewe wakaanza kumtajia kaya zao. Mimi nilifupisha tu, mama. Yeye ndiye anayeandika kila kitu."

"Na mteja amelipa siku zako?"

"Amelipa. Mkataba unasema siku yoyote ya kazi kijijini, kwa kila mtu."

Mama Kalista akanigeukia. Nikapiga hesabu pale pale. Mia mbili sitini na nne, ongeza sitini na nne, ni mia tatu ishirini na nane. Gawa kwa mia nne na themanini. Sitini na nane.

Akaichukua ile barua, akaichana mara mbili, akaitia kwenye pipa la taka. Akamwambia Gideon atoke, na Lugano asiambiwe chochote. Nikashusha pumzi. Nilifikiri tumemaliza.

"Kaa," akaniambia. "Robo iliyopita nani alikuwa Usangu?"

Nikamtajia jina. Alikuwa Silvester. Silvester wa asilimia hamsini na nane, aliyepewa barua Januari, tukamuaga kwa soda na karanga, akaenda zake Mafinga.

"Lete faili lake," alisema mama.

Nililileta. Sikuhitaji kutafuta sana. Novemba, siku tano, msiba, na mbele ya neno hilo maneno mengi ambayo macho yangu hayakuwahi kuyafikia. Saa arobaini. Mia mbili na tisini zikawa mia tatu na thelathini, kwa mia nne tisini na sita.

"Ngapi?" aliuliza.

"Sitini na sita na nusu."

Mama Kalista akajishika paji la uso. Kisha akasema, "Barua niliisaini mimi. Na mimi nitaongea naye. Lakini wewe mpigie kwanza."

Silvester alipokea nyuma yake kukiwa na kelele za mashine ya kupasua mbao. Akaniomba nisubiri atoke nje. Nikamweleza yote bila kupunguza, hata lile la kuona aibu kuuliza fomu. Nilipomaliza, aliuliza asilimia, nikamtajia.

"Mke wangu alitaka nije kulalamika," alisema. "Nikamkatalia. Nilimwambia Yudith hakosei hesabu, labda kweli mimi ni mvivu."

Nikamwambia hesabu sikukosea, nilikosea kusoma.

"Basi mwambie mke wangu," akasema. "Siku hizi hata nikichelewa kuamka ananiangalia tu."