Tovuti ya Tujaribu

Andiko niliandika mimi, lakini nilijua atalisoma mama. Yeye ndiye katibu wa Tujaribu, kikundi cha wafuga nyuki hapa Matogoro, na mimi mbele za watu hata salamu inanishinda. Nilichofanya ni kuandika kurasa tatu, nikazichapisha stationari mjini, nikampa. Nikajua nimemaliza.

Jumamosi ile kamati ilikutana kwenye stoo ya kikundi, watu saba, wamekaa kwenye ndoo za asali zilizofunikwa vizuri. Mezani kulikuwa na karatasi mbili. Moja ni andiko langu, la kutaka kikundi kifungue tovuti na kuuza asali chenyewe. Nyingine ni mkataba wa Alfani, yule mfanyabiashara anayekuja na pikapu kila msimu. Alfani alitaka asali yote ya mwaka mzima, kwa bei yake, na ndani ya chupa zenye jina lake. Mama alishaniambia nyumbani kwamba wakisaini tu, yeye anauza mizinga yake kumi na minane. Alisema hawezi kurina asali halafu aikute sokoni inaitwa ya mtu mwingine.

Mama akafungua daftari la muhtasari, akachukua andiko ili alisome. Mwenyekiti, Mama Kunegunda, akamzuia kwa mkono.

"Aurelia, utaratibu unaujua. Aliyeandika ndiye anayejibu."

Utaratibu huo una historia. Miaka minne nyuma kikundi kilikuwa na tovuti. Kijana mmoja aliitengeneza, andiko lake likasomwa na mtu mwingine ambaye hakuelewa hata alichokuwa anasoma, kamati ikapitisha. Kumbe kijana alisajili lile jina la tovuti kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake. Akahamia Dodoma, akabadilisha namba, mwaka ukaisha, tovuti ikazimika. Hakuna aliyeweza kuiwasha kwa sababu haikuwa yao. Tangu hapo, ukileta karatasi, unasimama nayo.

Mama akanitazama. Nilikuwa mlangoni, nimekuja kubeba thermos ya chai tu. Nikaamkia, shikamooni, sauti ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. Mzee Osmund, ambaye alianza kufuga nyuki kabla mama yangu hajazaliwa, akaniambia niongee na watu, nisiongee na thermos. Wakacheka. Nikaiweka chini.

Nikaanza na gharama, maana namba hazinitazami. Jina la tovuti, elfu thelathini kwa mwaka. Mahali pa kuihifadhi, laki na ishirini. Jeremia, fundi mwenye duka la kompyuta mjini, anatengeneza kurasa nne kwa laki tatu na nusu. Bando, elfu kumi kila mwezi. Jumla, laki sita na ishirini mwaka wa kwanza. Kuanzia mwaka wa pili hakuna fundi, inabaki laki mbili na sabini.

Mama Sharifa, mweka hazina, aliuliza swali ambalo nililiogopa tangu mwanzo. Kwa nini pesa yote hiyo, wakati WhatsApp ipo na haidai chochote? Nikamjibu kwamba WhatsApp inaonwa na mtu ambaye tayari ana namba yetu. Nikawakumbusha ile hoteli ya Dar iliyompigia mama mwezi wa pili. Waliomba tovuti ili mkuu wao aone asali inatoka wapi na kama ina nembo ya ubora ya TBS. Mama akawatumia namba ya simu, wakanyamaza hadi leo. "Nembo tunayo tangu mwaka jana," nikasema, "na cheti kimefungiwa kabatini." Mama Sharifa akageuka kulitazama kabati. Akaniambia, haya, endelea mwanangu.

"Na huyo Jeremia akihamia Dodoma?" akauliza Mama Kunegunda.

Hapo nilikuwa tayari. Ukurasa wa pili ulikuwa wa nani anafanya nini. Jina la tovuti linasajiliwa kwa jina la Tujaribu, kwa barua pepe ya kikundi. Nywila wanazo wawili, mwenyekiti na katibu, na zinaandikwa kwenye bahasha inayokaa kwa mweka hazina. Jeremia anapewa ya kufanyia kazi, akimaliza tunaibadilisha. Mama Sharifa analipia kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya tarehe. Mteja anaagiza kwa simu na kulipa kwenye lipa namba ya kikundi. Mimi napiga picha na kuandika maelezo, bure.

Nikaona vichwa vinatikisika kukubali. Sauti yangu nayo ikawa yangu. Nikafungua ratiba, wiki nane, nikasoma haraka haraka. Wiki ya kwanza kusajili jina. Wiki ya pili picha za kurina asali, saa nne asubuhi.

Stoo nzima ikalipuka kwa kicheko.

Mzee Osmund alijifuta macho kwa kofia yake. "Mwanangu, saa nne nyuki wako kazini, jua limewaka, wana hasira. Ukifungua mzinga saa hiyo, hiyo picha yako tutaibandika kwenye jeneza." Kisha akaacha kucheka. "Ndiyo maana nasema tumpe Alfani. Wenye kompyuta wanaandika mambo ya nyuki bila kumuuliza mwenye nyuki. Yule wa kwanza alikuwa hivyo hivyo."

Mtu mmoja akauvuta mkataba wa Alfani karibu yake. Mama alikuwa ameinamia daftari, kalamu haiendi.

Nilitamani kutoka. Lakini nikiondoka pale, mizinga ya mama inauzwa. Nikatazama ile ratiba na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kwenye majukumu yote hakuna jina la mfugaji hata mmoja kwa kazi yake ya nyuki.

"Ni kweli babu," nikasema. "Sijui kurina. Niliandika bila kukuuliza, nimekosea. Saa ngapi inafaa?"

Akanitazama kidogo. Saa kumi na mbili jioni, akasema, nyuki wakisharudi, na moshi uwe tayari.

"Na picha itaonekana, mwanga ukiwa mdogo?"

Akafikiri. Akasema mizinga nipige mchana kwa mbali, kurina nipige jua likiwa linazama kabla giza halijaingia, na kuchuja nipige hapa stoo, asali ikiwa inashuka, maana hapo ndipo mteja atameza mate. Nikawa naandika kila neno. Nikachora mstari mpya kwenye majukumu, nikasoma kwa sauti kwamba hakuna picha wala neno la nyuki litakaloingia kwenye tovuti kabla ya kupitishwa na Osmund.

"Andika Mzee Osmund," akasema.

Nikaandika. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Ukafuata wa Mama Sharifa, mwisho yote saba. Mama aliandika kwenye muhtasari kwa mwandiko mkubwa kuliko kawaida yake, na mkataba wa Alfani ukarudishwa kwenye bahasha bila saini.

Wiki zilikuwa tisa, sio nane, kwa sababu Mzee Osmund alizikataa picha mara mbili. Tovuti ilipofunguliwa mama aliitumia ile hoteli anwani yake, na siku ya pili ikapiga yenyewe, ikaagiza ndoo kumi. Alfani naye akapiga, akataka kujua mwaka huu tutamuuzia kwa bei gani. Mama Kunegunda aliweka spika, wote tusikie.

"Bei imeandikwa kwenye tovuti, mdogo wangu. Ingia uangalie."