Safari ya Pili ya Kalunde

Mwaka 1986 Kavata, aliyeolewa Mombasa, alimwomba mama yake aende tena kumsaidia, kwa maana alikuwa karibu kujifungua mtoto wa pili. Kalunde akakataa. Alimtumia jibu kupitia jamaa mmoja wa kanisa aliyekuwa akiteremka pwani: amwambie Kavata kwamba mama yake anamwombea, lakini hapandi basi tena.

Mumewe Mutie alijua sababu. Miaka miwili nyuma, Kavata alipopata kifungua mimba, Kalunde alitoka kijijini kwao Kabati na gunia la mbaazi na kuku wawili ndani ya kiondo. Alikaa kiti cha nyuma kabisa cha basi, pale juu ya magurudumu ambapo kila shimo la barabara hupanda moja kwa moja hadi kiunoni. Gunia aliliweka chini ya miguu lisiibiwe, magoti yakamfika karibu na kifua. Kiondo alikipakata. Basi liliposimama Makindu watu wakashuka kula, yeye alibaki, akihofu kuachwa au kunyang'anywa kiti. Hata maji hakunywa, asije akabanwa na haja njiani.

Mombasa alishuka akiwa amepinda kama mtu anayepalilia. Hata kabla hajapumua aliinama kuinua gunia, na hapo mgongo ukamshika. Wanaume wawili walimbeba hadi kwenye teksi. Kavata, mzazi aliyepaswa kutunzwa, ndiye aliyekuwa akimpelekea mama yake uji kitandani. Kalunde alilala chali siku baada ya siku bila kumshika mjukuu, na kadiri alivyolala ndivyo mgongo ulivyozidi kukakamaa. Baadaye maumivu yalikwisha, lakini hofu ikabaki. Kabati watu walimwambia pingili zimesagika, na akiketi tena safari ndefu atapooza. Yeye aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani akaanza kuimba ameketi.

"Mama Kavata," Mutie alimwambia jioni moja, "kama mgongo umevunjika, tuambiwe na anayejua. Kama haujavunjika, mtoto wako anakungoja."

Wakaenda hospitali Kitui. Waliyemwona alikuwa mama wa makamo aitwaye Ndululu, mtaalamu wa viungo. Alimsikiliza Kalunde mpaka mwisho, kisha akauliza maswali yake. Je, maumivu yaliwahi kushuka mguuni hadi chini ya goti? Miguu ilikufa ganzi au kukosa nguvu? Mkojo ulimsumbua? Aliwahi kuanguka, au kupata homa, au kukonda bila sababu? Yote Kalunde alijibu hapana. Ndululu akamwinamisha, akamgeuza, akamlaza na kuinua mguu mmoja mmoja. Akamgonga magoti kwa nyundo ndogo.

"Hakuna kilichovunjika, mama," alisema. "Ulikaa umejikunja kutwa nzima, misuli ikakauka, halafu ukaibebesha gunia kabla haijaamka. Wewe unalima. Mgongo unaolima si mgongo mbovu."

Kalunde alianza kulia pale pale juu ya kitanda cha kupimia, na Mutie akatazama dirishani ili amwache alie.

Kisha Ndululu alimtaka aketi vile alivyokuwa ameketi ndani ya basi. Alipomwona alivyojikunja alicheka kidogo. Akamsukuma makalio nyuma mpaka yakagusa egemeo, miguu yote ikakanyaga sakafu, magoti yakawa sawa na nyonga. Akamvua leso ya mabegani, akaiviringisha iwe nene kama mkono, akaipenyeza kwenye lile bonde la kiuno. Kalunde akasema anahisi kama kuna mtu amemshika kwa nyuma. Ndululu akamwambia hivyo ndivyo inavyotakiwa, ila leso ikimsukuma sana mbele aipunguze. Lakini alimwonya kwamba kuketi vizuri peke yake hakutoshi. Mwili hauchoshwi na kiti tu, unachoshwa na kukaa namna moja. Kila basi linaposimama ashuke atembee. Likiwa linakwenda asisimame, bali ajigeuze kitini, azungushe vifundo vya miguu, akunjue mabega. Maji anywe. Akifika asiinue mzigo. Na mgongo ukikaza, asikimbilie kitanda: atembee polepole na ajikande kwa maji ya moto.

Siku ya safari Mutie alimkatia kiti cha mbele, karibu na ujia. Gunia la mbaazi lilipanda kwenye keria, juu ya paa la basi. Kabla ya kuondoka, Kalunde alimwendea dereva, aliyeitwa Kilonzo, akamweleza shida yake bila kuficha, kwamba kila kituo atashuka na anaomba asiachwe. Kilonzo akasema hata yeye mgongo wake ni wa kuendesha, anauelewa.

Aliyeketi dirishani alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, jina lake Abdinoor. Walipofika Machakos Kalunde alishuka, akazunguka basi, akarudi. Baada ya kushika barabara kuu, basi likasimama Malili kupakia abiria, akashuka tena. Makindu alitembea mpaka mwisho wa vibanda na kurudi, kikombe cha chai mkononi. Abdinoor, ambaye kila mara alimwona akishuka na kurudi, alimuuliza kama ni mgonjwa. Kalunde akamweleza habari yote. Abdinoor akavua koti lake, akaliviringisha na kulitia nyuma ya kiuno chake mwenyewe.

Baada ya Voi ndipo hofu ilipomrudia. Basi lilikwenda muda mrefu bila kusimama, jua limewaka, na Kalunde alikuwa amesinzia. Alipoamka leso ilikuwa imeteleza hadi kitini na kiuno kimeanza kukaza. Jasho likamtoka. Akilini alimwona Kavata akimletea tena uji kitandani. Akataka kusimama, lakini basi lilikuwa likiyumba, na Ndululu alimkataza kusimama gari likienda kasi. Kwa hiyo akafanya alichoweza: akairudisha leso mahali pake, akasukuma makalio nyuma, akainua bega hili na lile, akakanyaga sakafu kwa visigino kisha kwa vidole, tena na tena. Maumivu hayakuisha, lakini hayakuzidi. Ndipo akamwambia Abdinoor kwamba mgongo unamshika.

Abdinoor alimwita Kilonzo kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe.

"Dereva, ukipata mahali pazuri simama kidogo. Mama huyu anyooke, na mimi pia."

Mbele kidogo palikuwa na maduka, Kilonzo akasimama. Kalunde alishuka akishikilia mlango. Hatua za kwanza zilikuwa za mtu mzee sana. Aliweka viganja kiunoni, akajinyoosha nyuma taratibu, akatembea kuelekea dukani, na alipogeuka kurudi alihisi kiuno kikilegea. Aliona karibu nusu ya abiria wameshuka nyuma yake, wanajinyoosha vumbini, wengine wakipiga miayo. Alikuwa anatabasamu alipopanda.

Mombasa walifika jua likiwa bado juu. Mkwewe, mume wa Kavata, alikuwa ameongozana na mkewe, aliyekuwa na tumbo kubwa, na mkwewe alikuja mbio hadi mlangoni mwa basi tayari kumbeba. Kalunde akamwambia abebe gunia. Yeye akashuka, akasimama, akanyooka. Kavata alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akafunika uso kwa mikono yake.

"Mwaitu, mama yangu," alisema, "umesimama."

"Nimesimama. Twende kwa miguu kidogo kabla ya teksi, bado nimekauka."

Asubuhi kiuno kilimwuma kiasi. Alijikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akauzunguka ua wa nyumba mpaka kikaachia. Mtoto alizaliwa wiki hiyo, msichana, na Kalunde ndiye aliyemwogesha kila siku, beseni likiwa juu ya meza asilazimike kuinama. Alasiri Kavata alilala usingizi mzito bila kuitwa na mtu, na jikoni mama yake alisimama akisonga ugali huku akiimba sauti ya kwanza.