Salamu Moja, Saa Tisa Tofauti

"Bibi Zamu anaondoka mwisho wa mwezi," Mkuu aliniambia kwenye simu. "Barua ameshaleta. Wewe andika salamu ya sikukuu, moja tu, isimuudhi mtu. Labda atabadili nia."

Salamu imzuie mtu kuacha kazi! Nilicheka, kisha nikanuna. Akiondoka yule, tumekwisha. Timu yetu ni watu tisa, kila mmoja kwake, nchi yake, saa yake. Tunahudumia mfumo wa kompyuta ambao wateja wanautumia usiku na mchana, kwa hiyo lazima awepo mtu wa zamu, simu ikilia apokee, hata iwe sikukuu ya nani. Na kila ikifika sikukuu ya mtu, Bibi Zamu husema, "Nipeni mimi." Ndiyo maana tukambandika jina hilo.

Mimi ni katibu wa timu. Ofisi yangu ni meza ya kulia chakula, na jirani yangu ni mama mkwe, aliyekuwa akikunja nguo upande wa pili.

Nilianza kwa kutaja kila sikukuu ili nisimwache mtu. Loo! Mmoja Krismasi yake ni Desemba, mwingine ni Januari, kwa kalenda ya zamani. Idi inangoja mwezi uandame. Mwingine siku yake huanza jua linapozama jana yake. Nikamsomea mama mkwe.

"Mbona kama tangazo la msiba, majina kibao?" akasema. "Na ukimsahau mmoja?"

"Simsahau mtu, mama."

"Huyo anayeondoka umemtaja?"

Nikatazama. Sikumtaja. Kwake hapakuwa na kitu.

"Yeye hana sikukuu," nikasema.

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Mimi umbea sina, jamani, ila kujua napenda, na hapo udadisi ulinishika. Inakuwaje mtu tufanye naye kazi miaka minne nisijue siku yake? Nilijua hata mbwa wake haelewani na mpeleka barua!

"Si umuulize? Au mdomo umeota kutu?" akasema mama mkwe.

Kumuuliza mtu dini yake sikutaka, hayo ni ya kwake. Basi nikawaandikia wote, mmoja mmoja, swali lile lile: "Ni siku zipi ungependa simu ya kazi isikuguse? Sababu si lazima."

Wengi walijibu upesi. Mchoraji wetu wa kurasa za mfumo alisema hana sikukuu na hataki kupongezwa, ila siku aliyofiwa na baba yake aachwe. Jibu la Bibi Zamu lilikuja mwisho: "Kwa nini unauliza leo?"

Lilinichoma. Nikaandika ukweli: "Kwa sababu hatujawahi kuuliza."

Nikazunguka meza, nikanywa chai ya mama mkwe bila kujua, akanisema. Halafu likaja:

"Mwaka mpya wetu ni mwezi wa tatu, usiku na mchana vinapolingana. Mwaka huu nilikuwa mezani na wanangu, simu ikalia mpaka chakula kikapoa. Sikuwalaumu. Zamu zenu nilizishika kwa moyo mmoja, nikadhani siku moja mtu ataniuliza yangu. Nimechoka kungoja."

Nililia kidogo, sifichi. Kisha nikafuta orodha yote.

Salamu niliituma mkutano wetu wa wiki ulipokaribia, saa pekee ambayo hakuna aliye kitandani. Ile ya mwaka jana Mkuu aliituma asubuhi ya kwake, ikaamsha nusu ya timu.

"Wenzangu, wengine mko sikukuuni, wengine mmeshaimaliza, wengine yenu bado, wengine hamna na hamtaki. Wote nawatakia pumziko jema. Siku uliyoichagua wewe, simu ya kazi haitalia kwako. Mwenzako atashika zamu, na jina lake litakuwa kwenye ratiba bila wewe kuomba."

Mkuu akanipigia hapo hapo. "Hii ni salamu au amri?"

"Vyote viwili, Mkuu. Ukitaka ifute."

Akaguna. Hakuifuta.

Chini ya salamu nikaweka ratiba. Siku ya mwezi wa tatu niliiacha wazi. Fundi wa programu, yule anayeenda kwa wazazi wake kila Krismasi, akaandika, "Hiyo yangu." Mchoraji akaandika, "Umechelewa, nimeshaishika." Wakagombana hadharani kama watoto wanaogombea kiti cha dirishani, mpaka nikawagawia mmoja mchana, mwingine usiku.

Mkutano ulipokwisha nikampigia Bibi Zamu.

"Sasa? Unabaki?"

Nikasikia watoto wakicheka nyuma yake.

"Mwambie Mkuu aiweke barua yangu, asiichane," akasema. "Nabaki mpaka mwezi wa tatu. Nataka nione kama kweli simu haitalia."