Kanga Mbili za Machimboni

Kaka yangu Masele alitolewa asubuhi duarani, kwenye shimo la dhahabu, amekufa, kichwa kimebonyea upande mmoja. Matimba, yale magogo yanayoshikilia shimo, yalikatika, mawe yakamshukia. Nikavua kanga ya mabegani nikamfunika.

Mimi nauza chai pale machimboni, nje kidogo ya Katoro. Vitumbua vyangu huwa navirekodi video fupi, kwa hiyo mtu akiinua simu namwona mapema. Charles, kijana maarufu wa video pale kwetu, alikuwa anaifunua ile kanga kwa ncha ya kiatu, anarekodi.

"Charles, mama hajaambiwa."

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto, presha. Kwetu msiba wa mtoto hauambiwi kwa simu. Mjomba Maganga alikuwa njiani akakae naye, amwambie nesi akiwa karibu.

"Pole, dada Zipora. Nikiiwekea wimbo wa huzuni, nchi nzima italia."

"Mama anazifuatilia video zako."

"Basi atajua mapema."

Boaz, aliyechimba na Masele shimo moja, alimpiga mdomoni kwa mpini wa sururu. Meno yakaruka. Wachimbaji wengine wakamrukia Charles kwa mateke na mawe. Simu ilianguka miguuni kwangu ikiwa bado inarekodi. Nikaifuta ile video, nikaifuta tena kule zinakokaa zilizofutwa.

Kuinua macho, simu tatu zinamrekodi Charles.

"Mgeuze huku, uso hauonekani," mmoja alisema, anacheka.

"Leteni petroli," mwingine akapaza sauti.

Nikafungua kanga ya kiunoni, nikabaki na gauni. Nikamfunika Charles uso, nikamlalia. Mpini ukanishukia begani, nikasikia mfupa unalia.

"Toka, Zipora," Boaz alisema, anahema.

"Mama yake naye hajaambiwa."

Alisimama na ule mpini juu. Halafu akautupa, akakaa chini, akalia kwa sauti. Wale watatu wenye simu niliwatazama mmoja mmoja mpaka wakafuta. Charles akapakiwa kwenye bajaji apelekwe hospitali, kanga yangu imelowa damu usoni.

Mkono mmoja hauinuki, nikarekodi kwa ule mwingine: jiko langu limezimwa, vikombe vimefunikwa. Bila wimbo, bila jina. Nikasema taratibu, "Leo duarani kwetu kuna msiba. Mwenye picha za marehemu au za majeruhi asizitume, tafadhali. Kagueni matimba kabla ya kushuka."

Sikuipandisha mtandaoni. Mama angeiona. Nikakaa na simu mapajani mpaka jioni, mjomba akapiga, akampa mama.

Alilia kwanza. Nikamwacha alie.

"Mayu, mwanangu," akasema mwishowe, "walimwona uso?"

"Nilimfunika, mama."

"Haya."

Nikamwelezea video yangu, neno kwa neno. Akaniambia niirudie ile sehemu ya matimba. Nikairudia.

"Hiyo wawekee waisikie," akasema.

Ndipo nikaipandisha.