Asilimia Kumi ya Dalali

Ti. Ti. Ti.

Kulikuwa hakujapambazuka, na bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji kwenye sufuria. Mama Kidoti alikuwa macho, anasikiliza. Nyuma ya pazia kitanda kililia, akajua wifi yake naye hajalala. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Tangu astaafu unesi na kurudisha nyumba ya kazini, alikuwa akilala kitanda kimoja na Kidoti, binti wa miaka sita mwenye mateke ya usingizini.

"Bomba hili litanizika," wifi alinong'ona. "Lakini mwisho wake leo. Jioni naweka saini, nawaachia chumba chenu."

Bomba hilo Mama Kidoti alikuwa amelililia kwa mwenye nyumba hadi akachoka. Alishamwambia mumewe kwamba wakipata pengine wanahama. Na wakihama, mwenye nyumba atakaa na chumba kitupu, kisa kipande cha mpira.

Wazo hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Wifi alikuwa ananunua fleti kwa mafao yake yote, ili aipangishe na kodi yake imlishe: apange chumba chake mwenyewe, anunue dawa za presha. Laki tatu kwa mwezi zingemtosha. Dalali alimwahidi laki nne. "Asilimia kumi ya bei kila mwaka, mama, safi kabisa!"

Kwenye chai Mama Kidoti akajikaza. "Wifi, hiyo kumi ni kabla ya makato. Kuna miezi nyumba itakaa wazi, kuna matengenezo, kuna—"

"Haya, mhasibu wa jioni ameamka." Wifi alikoroga chai mpaka ikamwagika. "Darasa la uhasibu la miezi minane, tayari unanifundisha pesa zangu?"

Baba Kidoti alizamisha uso kwenye kikombe kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo.

"Mimi naogopa tu, wifi."

"Ukiogopa, njoo uogope mbele ya dalali."

Basi jioni akaenda, akimshika Kidoti mkono, maana hakuwa na wa kumwachia.

Fleti ilikuwa ghorofa ya tatu, inanuka rangi mpya. Dalali alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa na simu mbili, na karatasi za mauzo alishazitandaza kwenye kaunta ya jiko. "Tufanye haraka, mama. Saa moja anakuja mteja mwingine, na yule hana maswali."

Wifi akatoa kalamu.

Kidoti alikimbilia dirishani. Jua lilikuwa limezama, na Mama Kidoti alipomfuata, macho yake yakabaki kwenye jengo la pili la mradi huo huo. Taa zilikuwa zinawaka moja moja, lakini madirisha mengi yalibaki meusi, hata pazia hayana.

"Kaka, kule mbona giza?"

"Watu hawajatoka kazini, dada. Hapa nyumba haikai wazi hata wiki."

"Na hii imekaa wazi tangu lini?"

Dalali alikohoa. "Mpangaji alitoka… kama miezi miwili hivi. Tukapaka rangi kidogo."

Wifi alimkata Mama Kidoti jicho. Kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Ada ya huduma ni kiasi gani?" Mama Kidoti aliuliza. "Ulinzi, lifti, usafi, pampu ya maji."

"Laki mbili na sabini. Nilishamwambia mama."

"Aliniambia," wifi alisema. "Kitu kidogo hicho kwa mwaka mzima."

Dalali alipangusa simu ambayo haikuwa na vumbi. Mama Kidoti akaona kwamba hakuitikia.

"Ni ya mwaka?"

"Ni ya kipindi."

"Kipindi gani, kaka?"

"Miezi mitatu."

Mama Kidoti alijua akifungua mdomo sasa hautafungika tena.

"Mara nne basi. Milioni moja na elfu themanini kwa mwaka, hata kama hakuna mtu ndani. Kodi ni laki nne, miezi kumi na miwili, milioni nne na laki nane. Ikikaa wazi miezi miwili kama ilivyokaa, inaingia milioni nne. Ofisi yenu, kwa kusimamia nyumba, inachukua asilimia kumi ya kinachokusanywa, laki nne. Rangi, mabomba, hita ya maji, tuweke laki nne na themanini. Ukitoa vyote, zinabaki milioni mbili na elfu arobaini."

"Hiyo miezi miwili umeamua wewe," dalali alisema.

"Nimeamua mimi. Wapo watakaopata mwezi mmoja, wapo watakaopata minne. Nakadiria kwa ninachokiona pale dirishani."

"Dada, bei za nyumba zinapanda!"

"Zipande. Wifi yangu hanunui dawa kwa bei iliyopanda. Ananunua kwa kodi iliyoingia."

"Basi!" Wifi alipiga kaunta kwa kiganja, Kidoti akashtuka. "Sema ukweli wako. Unataka pesa zangu zibaki karibu na mkono wako. Nikae kwenu, nilee mtoto, mkope mkope mpaka ziishe!"

Machozi yalimjaa Mama Kidoti, ila sauti haikumponyoka. "Ukinunua, wifi, na zikakutosha, mimi ndiye nitakayekubebea mizigo. Lakini hizo ni laki moja na sabini kwa mwezi. Fleti ni milioni arobaini na nane, na mwanasheria na ushuru milioni mbili. Kwenye hamsini, hiyo ni asilimia nne na kidogo."

Wifi akamgeukia dalali, kwa sauti ile aliyokuwa akiwaulizia wagonjwa kama kweli wamemeza vidonge.

"Amekosea wapi?"

"Mama, dada ana wasiwasi mwingi, hawa wanaosoma soma—"

"Nimekuuliza wapi."

Dalali aliangalia karatasi, akaangalia viatu vyake vinavyong'aa. Simu moja ililia, hakuipokea.

"Wifi," alisema shangazi wa Kidoti, bila kumgeukia Mama Kidoti. "Kumi niiache. Ili nipate hata asilimia sita, nitoe ngapi?"

"Milioni thelathini na nne. Na gharama zote humo humo."

"Umesikia, kijana?"

Dalali alicheka kicheko kikavu. "Kwa bei hiyo, mama, nakuuzia mlango na kitasa."

"Basi baki na mlango wako." Wifi alifunika kalamu, akaitumbukiza mkobani.

Njiani alitembea mbele, mgongo umenyooka, na Mama Kidoti hakuthubutu kumfikia. Alijua alichomnyang'anya: chumba chenye ufunguo wake mwenyewe. Karibu na nyumbani wifi alisimama ghafla mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, akaingia, akatoka na kitu kidogo kwenye karatasi.

"Bado nitatafuta," alisema, akiangalia pembeni. "Nyumba nyingine. Na utakuja kuogopa tena mbele ya dalali mwingine."

"Nitakuja, wifi."

"Kwa sasa, narudi kwenye mateke."

Nyumbani alifunga maji, akafungua bomba kwa koleo ya mdogo wake, akatoa mpira uliolika, akaweka mpya. Baba Kidoti aliinua taa ya simu bila kuambiwa. Maji yalipofunguliwa, wote wanne walisimama jikoni, wameukodolea macho mdomo wa bomba.

Halikudondosha.

Kidoti akamshika mkono mwanamke mzee.

"Shangazi, leo utalala."