Mlango wa Banda la Trekta

Shemeji alikuwa ameitwa kwenye mashamba ya miwa: mshahara wa kila mwezi, mwaka mzima. Ijumaa awape jibu. Kwa Mama Trekta, aliyemwendeshea trekta lake la kulimia, alilipwa kwa ekari, na ekari zikiisha anabaki kupiga miayo.

"Sikukimbii, shemeji," alimwambia, "ila miezi mitupu inanimaliza."

Mama Trekta hakulipuuza hilo. Madereva wengine aliwahi kuwaajiri. Mmoja alivunja plau siku ya pili, mwingine aliuza dizeli njiani. Huyu, mdogo wa marehemu mume wake, aliisikiliza injini kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto. Angeondoka huyu, trekta nalo lingeondoka, liuzwe kwa mnunuzi yeyote.

Alichukua daftari. Ekari sita kwa siku, mara siku thelathini, mara miezi kumi na miwili. Utajiri! Mshahara wa mwaka ulitoka humo bila jasho, na akafurahi peke yake jikoni.

Alhamisi alikwenda kumwonyesha. Njiani akabeba kitambaa kibichi, maana mlango wa banda ulikuwa umejaa mistari ya chaki na yeye hapendi uchafu.

"Usifute!" Shemeji alipiga kelele. "Hizo ni siku zangu za kazi. Mstari mmoja, siku moja ya kulima. Nilianza juu, kila mwezi na ubao wake."

Mama Trekta akasimama. Mistari ilisongamana kwenye mbao mbili za juu. Chini yake, mbao kumi tupu za miezi isiyo ya kulima. Alilitazama daftari lake, akalitazama tena, kisha akacheka mpaka akakalia ndoo.

"Mimi nimelima hata kiangazi!"

Wakaanza upya, kitambaa kimetupwa. Kila ekari ilikula lita saba za dizeli. Yakitolewa mafuta, posho ya dereva na akiba ya matengenezo, kilichobaki hakikutosha mshahara kamili wa mwaka. Lakini kingetosha nusu mshahara katika miezi mitupu, kama fungu lake lingetengwa kila ekari inapolipwa, kabla mkono wowote haujaligusa.

"Nusu ni nusu," alisema Shemeji kwa upole.

"Na ile mashine ya kupukuchua mahindi iliyoozea nyuma ya nyumba? Si inazungushwa na trekta?" aliuliza Mama Trekta.

Shemeji alinyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi amekumbatia mkanda wa mashine hiyo wenye vumbi, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

Miwa haikumpata. Mahindi yalipokauka, wakulima walipanga foleni na magunia kuanzia alfajiri, na makapi yakawajaa wote nyweleni. Jioni ya siku ya kwanza Mama Trekta alimnyang'anya Shemeji chaki, akainama hadi ubao wa saba, ule mtupu kabisa, akachora mstari wake mwenyewe, mnene na uliopinda.

"Shemeji, unachafua mlango," alisema dereva.