Vitenge vya Siku ya Kura

Mwaka ule tuliponunua shamba la mzungu kule upande wa Soy, sisi wanawake wa kanisa la Kimumu tuliingia kama kikundi chetu wenyewe. Wazee wa kamati hawakulipenda jambo hilo. Mwenyekiti, Mzee Kipkemboi, alituambia mbele ya watu kwamba siku ya kupiga kura ya kugawana vipande vya shamba, kikundi kitakachopungukiwa hata mtu mmoja hakitatia mkono ndani ya kofia kuchagua namba ya kipande chake. Hisa zake zitagawanywa kwa waume wa wanachama wake.

Wenzangu walikuwa na waume. Mimi Bwana alikuwa amenichukulia wangu, na kama kikundi kingevunjika, hisa yangu ingekosa wa kumrudia. Nilimwomba Mungu juu ya hilo kila asubuhi kabla ya kuwasha moto.

"Nyinyi mtakuwa kitu kimoja mpaka mvua ya kwanza," Mzee akasema, na wanaume wakacheka.

Basi tukakubaliana kwamba siku hiyo tutavaa sare, blauzi nyeupe na kitenge. Mwenzetu Wamucii, ambaye alikuwa na duka la nguo karibu na stesheni, akatuletea jora la samawati nzito kama bahari, na maua mekundu na manjano yaliyokolea. Likakatwa, kila mtu akapata chake. Lilikuwa bado gumu, likinuka duka, na ukilisugua kwa kidole kilicholowa, kidole kinatoka samawati. Nikasema vitenge hivi lazima vifuliwe kwanza, kwa sababu vikinyeshewa hivyo vilivyo, blauzi zetu zitageuka rangi.

Hapo Jepkosgei, Mama Jackson, akainua mkono. Alikuwa amefua miaka mingi katika nyumba ya wazungu, na hapakuwa na mtu Kimumu aliyekuwa na shuka nyeupe kama zake. Akasema atafua vyote, sisi tupumzike. Tukampa. Nani angemkatalia?

Asubuhi yake nilipita nyumbani kwake nikitoka kuteka maji. Nikaona moshi, na debe limekaa juu ya mafiga linatokota. Nikatua mtungi. Mle ndani ya debe kulikuwa na kitenge kimoja, na maji yalikuwa meusi kama wino. Kando, pakiti ya soda ya kufulia na kipande cha buluu ya kung'arishia nguo nyeupe. Nami nikaelewa. Mama Jackson alikuwa anafua kitenge kama shuka: anakichemsha na soda, halafu anakianika jua la saa sita likaking'arishe.

"Mama Jackson, umeanza na cha nani?"

"Changu. Nilitaka nione."

Akakitoa kwa mti. Bahari ilikuwa imegeuka kama maji ya mvua kwenye sufuria ya majivu, na maua mekundu yalikuwa ya waridi. Tulisimama tukikitazama, na mvuke ukitupanda usoni. Mama Jackson alikikamua, akakiweka juu ya jiwe, akaingia ndani akafunga mlango.

Nilikaa pale kizingitini nikaongea na mlango. Akanijibu kwamba hataenda Soy. Hataenda kusimama katikati ya wenzake akiwa kama mtu aliyevaa kitambaa cha kupanguzia meza, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kufua. Nikamwambia asipokwenda, kikundi kimepungua. Akasema anajua, na akalia.

Sikumbembeleza zaidi. Nilikwenda nyumbani nikafungua sanduku, nikatoa kitenge changu ambacho marehemu mume wangu alininunulia Kampala alipokuwa akifanya kazi reli, mwaka ule bendera yetu ilipopandishwa. Nilikivaa kanisani Jumapili nyingi mno, na manjano yake bado yalikuwa ya kiini cha yai. Nikarudi nikakitandika juu ya ua wake, nikamwita atoke aone.

Akatoka. Akakishika ukingo, akakigeuza.

"Ulikichemsha?"

"Hata siku moja."

"Na jua?"

"Hakijui jua la mchana."

Nikamwonyesha kwa mikono, maana tulikuwa bado na vitenge vya wenzetu. Maji baridi ya kisima, karai moja kwa kitenge kimoja, kwa sababu ufuaji wa kwanza kila kimoja kinatema, na vikilundikwa pamoja vingali vibichi vinatiana doa. Watu wetu hutia chumvi konzi moja. Mimi hutia pia, ila naamini zaidi maji baridi. Sabuni ya kipande, kidogo, iliyeyushwe kwanza, isipakwe juu ya nguo. Kuzamisha, kuinua, kubonyeza. Hakuna kusugua, hakuna kuloweka usiku kucha. Maji ya kwanza yalitoka samawati mpaka Mama Jackson akashika kifua.

"Rangi inakwisha, Mama Nicholas."

"Hiyo ni ile ambayo haikushika. Iliyoshika inabaki. Mwaga, tia mengine."

Tukamwaga, tukatia mengine, tukamwaga tena, mpaka maji ya kusuuza yakatoka kama yalivyoingia. Hatukukamua kwa kusokota; tulibonyeza tu. Kuanika ndiko alikobisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba iliyo uwanjani, panapowaka jua. Nikamwambia jua linalong'arisha shuka hutoa rangi, na kitenge kilichochapwa kwa nta kina rangi pande zote mbili, hata ukikigeuza hakina upande wa nyuma wa kuuachia jua liunguze. Tukafunga kamba chini ya paa la ghala lake, kule upepo wa huku juu unakopita. Asubuhi jua lilipokuwa bado pole lilivifikia kidogo, kisha kivuli kikashuka. Vikakauka vikiwa laini, na rangi zake zimekaa.

Ndipo nikamwomba jambo moja. Nikamwambia blauzi zetu zote zimekuwa manjano kwa kukaa sandukuni, na hakuna mwingine Kimumu awezaye kuzifanya ziwe nyeupe. Kisha akachukua soda yake na buluu yake, akasogeza debe juu ya moto, akasema ataanza na blauzi yake.

Siku ya kura mvua ilitukuta shambani, kabla hatujafika kwenye ghala ambamo wanaume walikuwa wamesimama kavu. Ilikuwa mvua ya huku kwetu, isiyouliza mtu. Tulitembea ndani yake kwa mstari, hatukukimbia. Nilitazama blauzi ya Wamucii aliyekuwa mbele yangu, mahali kitenge kilipofungwa kiunoni. Ilikuwa nyeupe. Nikatazama ya nyuma yangu. Nyeupe. Nyeupe kama shuka za wazungu.

Mzee Kipkemboi alituhesabu kwa kidole, hakukosekana mtu. Kidole kikamkuta Mama Jackson na kitenge chake kilichopauka katikati ya vingine, kikasimama.

"Na huyu ni wa kikundi gani?"

Wanaume wakasubiri. Mimi nikashika Biblia yangu.

"Ni wa hiki hiki, Mzee," akasema Mama Jackson. "Changu kilitumwa mbele kuona njia ni mbaya kiasi gani. Hawa wengine walipita pazuri kwa sababu yake."

Wamucii akacheka kwanza, halafu sote, hata wale wa ndani ya ghala. Mzee akashusha kidole. Akazitazama blauzi zetu, akavitazama vitenge vya maua vinavyodondosha maji safi, akauliza kama hizo nguo ni mpya. Nikamjibu ni mpya, ila zimekwisha kunyeshewa mara ya kwanza nyumbani.

Alituletea kofia yeye mwenyewe. Tukamwambia Mama Jackson atie mkono.